Potasiamu-40 mwilini: dozi ya mwaka inapigwaje hesabu, na ndizi inaingia wapi?

Swali: Nafundisha fizikia sekondari, mkoani Kagera. Mwanafunzi wangu amesoma mahali kwamba ndizi zina mionzi kwa sababu ya potasiamu, na kila ndizi unayokula inakuongezea dozi. Sisi huku ndizi ni chakula cha asubuhi na jioni. Naomba kujua: potasiamu-40 iliyomo mwilini inatupa dozi gani kwa mwaka, hesabu yake inapigwaje hatua kwa hatua, na je, mla ndizi anapata zaidi ya mla ugali? Mimi nina kilo 70.

Jibu:

Mwalimu, kwa mwanamume mzima wa kilo zako dozi ni takribani milisivati 0.17 kwa mwaka, na mla ndizi hapati zaidi ya mla ugali. Sehemu ya pili ya jibu hilo ndiyo inayokosewa sana, hata na watu waliosoma. Ila haitaeleweka vizuri kabla ya kupiga hesabu ya sehemu ya kwanza, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni kiasi cha potasiamu kilichomo mwilini. Mwanamume wa kilo 70 mwenye mwili wa kawaida ana gramu 140 hivi, yaani gramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Takribani asilimia 98 ya potasiamu hiyo imo ndani ya seli, na nyingi ya hizo ni seli za misuli. Damu na maji yaliyo nje ya seli yanagawana kile kidogo kilichobaki. Mafuta ya mwili yana potasiamu kidogo mno. Mgawanyo huo uweke akilini, maana ndio utakaotofautisha dozi ya mtu na mtu.

Potasiamu yote duniani, iwe ya ndizi za Bukoba, ya dagaa wa Ziwa Viktoria au ya mbolea ya dukani, ni mchanganyiko wa isotopu tatu. Mbili ni tulivu: potasiamu-39 na potasiamu-41. Ya tatu, potasiamu-40, ni nururifu, na katika kila atomu milioni moja za potasiamu atomu 117 ni za aina hiyo. Kwa matumizi yetu uwiano huo haubadiliki kutoka chakula hadi chakula, na mwili hauwezi kuichagua moja na kuiacha nyingine, kwa kuwa kikemia zote ni potasiamu ileile. Nusu-maisha ya potasiamu-40 ni miaka bilioni 1.25. Ukiwa na namba hizo mbili unapata unururifu wa gramu moja ya potasiamu ya asili:

```
N = (6.022e23 / 39.10) × 0.000117     = 1.80e18 atomu
λ = 0.693 / (1.25e9 × 3.156e7 s)      = 1.76e-17 kwa sekunde
A = λN                                = 31.7 Bq kwa gramu
```

Wanafunzi hukosea hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusahau kubadili miaka kuwa sekunde, na kosa hilo hujionyesha lenyewe kwa sababu jibu linakuwa kubwa mara milioni thelathini na zaidi. Ya pili ni kuichukua ile 0.000117 kama sehemu ya uzito badala ya sehemu ya idadi ya atomu. Hiyo inapotosha jibu kwa asilimia 2 tu, na mwanafunzi anaweza kusamehewa.

Gramu 140 zako basi zina bekereli 4,400 na kidogo. Kila sekunde, viini zaidi ya elfu nne vya potasiamu vinaoza mwilini mwako. Ukigawa kwa kilo 70 unapata bekereli 63.4 kwa kilo, na namba hiyo ya pili ndiyo muhimu. Dozi ni nishati inayobaki ndani ya kila kilo ya mwili. Watu wawili, mmoja wa kilo 50 na mwingine wa kilo 100, wakiwa na potasiamu ileile kwa kilo, wana dozi inayokaribiana sana, ingawa wa pili ana bekereli mara mbili ya mwenzake.

Sasa tuangalie kiini kinapooza kinatoa nini. Potasiamu-40 ina protoni 19 na nyutroni 21. Namba zote mbili ni witiri, na viini vya namna hiyo huwa na utulivu mdogo. Hiki chetu kinaweza kutulia kwa njia mbili kuu: kugeuza nyutroni moja kuwa protoni, au kugeuza protoni moja kuwa nyutroni. Kinachokichelewesha kwa mabilioni ya miaka ni mzunguko wake. Spini ya kiini cha potasiamu-40 ni 4, na vile viini viwili kinavyoweza kugeukia, vikiwa katika hali yao ya chini kabisa, vina spini 0. Kuitupa spini kubwa hivyo kwa mkupuo mmoja ni jambo gumu kwa kiini, na ndiyo maana kuna potasiamu-40 iliyobaki tangu dunia ilipoumbwa mpaka leo.

Njia ya kwanza huchukuliwa na viini 89 na kidogo katika kila 100. Nyutroni inageuka protoni, kiini kinakuwa kalisi-40, na elektroni moja inafyatuka pamoja na antinyutrino. Hii ndiyo mionzi ya beta. Nishati wanayogawana hao wawili ni MeV 1.31, MeV moja ikiwa elektronivolti milioni moja. Mgawo wao haulingani kila mara. Safari moja elektroni huondoka na karibu yote, safari nyingine huambulia kidogo. Kwa wastani elektroni hupata MeV 0.56, na kilichobaki huondoka na antinyutrino, ambayo hupenya mwili, ukuta na dunia nzima bila kugusa kitu. Antinyutrino haiachi dozi yoyote. Kwa hiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu ya beta ni 0.56. Ile 1.31 ndiyo inayoonekana kwa herufi kubwa kwenye michoro ya vitabuni, na ndiyo mtego mkubwa kuliko yote katika zoezi hili.

Njia ya pili huchukuliwa na karibu viini 11 katika 100. Kiini kinanyakua elektroni moja ya tabaka la ndani la atomu yake chenyewe, protoni inageuka nyutroni, na kinachopatikana ni agoni-40. Karibu kila mara agoni hiyo huzaliwa ikiwa na nishati ya ziada, na huitoa papo hapo kama mwale mmoja wa gama wa MeV 1.46. Nyutrino ya safari hii huondoka na nishati ndogo, na ile nafasi iliyoachwa wazi kwenye tabaka la ndani hujazwa kwa vicheche vya nishati vya elfu tatu hivi za elektronivolti, ambavyo kwenye hesabu ya dozi havionekani.

Agoni inayozaliwa hivyo mwilini hutoka kwa pumzi na kujiunga na hewa. Karibu agoni yote iliyomo angani, ambayo ni asilimia 0.93 ya hewa kavu, ilitokana na potasiamu-40 ya miamba. Wanafunzi wako wanaijua kazi nyingine ya njia hii bila kujua kwamba wanaijua: mwaka 1961, Leakey, Evernden na Curtis walipima agoni iliyonaswa kwenye majivu ya volkano ya Olduvai na kupata kwamba Zinjanthropus aliishi takribani miaka milioni 1.75 iliyopita.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo ni adimu sana: kiini hutoa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, takribani mara moja katika kila kuoza laki moja. Kwa bekereli zako 4,400 hiyo ni kama positroni mbili au tatu kwa dakika. Kwenye dozi hazina uzito wowote, ila darasa likisinzia waambie kwamba miili yao inatengeneza antimata wakati huu wanaposikiliza.

Tuingie kwenye dozi yenyewe. Elektroni ya beta yenye nishati kubwa kabisa ya MeV 1.31 husafiri milimita 6 hivi ndani ya nyama kabla ya kusimama, na nyingi husimama mapema zaidi. Mwili ni mnene kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo tunachukulia kwamba nishati yote ya beta inabaki ndani. Zinazotoroka kupitia ngozi ni chache mno kubadili jibu. Kwa kila kuoza kumoja, beta inaacha 0.893 × 0.56, yaani MeV 0.50.

Gama haina tabia hiyo. Mwale wa MeV 1.46 ni mpenyaji, na karibu nusu ya miale inayozaliwa ndani ya mwili wa mtu mzima hutoka nje bila kugonga chochote. Inayogonga nayo huacha sehemu tu ya nishati yake, kisha hutoroka ikiwa imepungua. Ukijumlisha yote, mwili wa kilo 70 hubaki na takribani asilimia 30 ya nishati ya gama inayozalishwa ndani yake. Hivyo mchango wa gama kwa kila kuoza ni 0.107 × 1.46 × 0.30, yaani MeV 0.047, ambayo haifiki hata moja ya kumi ya beta. Watu wengi hudhani ni kinyume chake, kwa sababu gama ndiyo inayosikika kwenye vipimo.

```
Beta: 63.4 × 0.50  × 1.602e-13 J × 3.156e7 s = 1.60e-4 Gy = 0.160 mGy
Gama: 63.4 × 0.047 × 1.602e-13 J × 3.156e7 s = 0.15e-4 Gy = 0.015 mGy
Jumla kwa mwaka                              = 0.175 mGy
```

Beta na gama zote zina kipengele cha uzito cha 1 katika kinga ya mionzi, na potasiamu imetapakaa mwili mzima, kwa hiyo miligrei 0.175 zinasomeka moja kwa moja kama milisivati 0.175. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia athari za mionzi, UNSCEAR, hutumia milisivati 0.165 kwa watu wazima na 0.185 kwa watoto. Kwa mtu mzima wao huanza na gramu 1.8 za potasiamu kwa kilo badala ya 2, wakikusudia watu wote kwa wastani na si mwanamume peke yake, kisha hutumia kigeuzi kilichokadiriwa kuwa namba nzima. Tofauti kati ya jibu letu na lao ni ya kawaida kwa makadirio ya aina hii.

Mwanafunzi akikuletea 0.43, usihangaike kupitia kila mstari wa kazi yake. Ametumia MeV 1.31 badala ya wastani, na amedhani gama yote inabaki mwilini. Akileta 0.39, gama ameipatia na beta ndiyo aliyoikosea.

Kwa matumizi ya haraka, fupisha yote kuwa kanuni moja: kila gramu ya potasiamu katika kilo moja ya mwili huleta maikrosivati 88 hivi kwa mwaka. Kwa kanuni hiyo unaweza kumpigia hesabu yeyote, mradi umekadiria vizuri potasiamu yake, na hapo ndipo penye mashaka makubwa ya zoezi zima. Nusu-maisha na uwiano wa isotopu vinajulikana kwa usahihi wa asilimia chache, ilhali miili ya watu hutofautiana kwa asilimia 20 na zaidi.

Njia nzuri ni kuondoa mafuta kwanza. Kilo moja ya mwili usio na mafuta ina gramu 2.66 za potasiamu kwa mwanamume, na takribani 2.5 kwa mwanamke. Chukua mwanamume wa kilo 90 ambaye kilo 30 kati ya hizo ni mafuta. Kilo zake 60 zilizobaki zina gramu 160, sawa na bekereli 5,060, kwa hiyo amekuzidi wewe kwa unururifu. Lakini gramu 160 kwa kilo 90 ni gramu 1.77 kwa kilo, na dozi yake ni maikrosivati 156, chini ya yako. Nishati ile inatandazwa kwenye mwili mpana zaidi. Kwa usahihi zaidi, misuli yake inapata zaidi ya wastani huo na mafuta yake yanapata pungufu, maana beta haisafiri mbali kutoka ilikozaliwa.

Mwanamke wa kilo 60 mwenye kilo 20 za mafuta ana gramu 100 hivi, yaani 1.67 kwa kilo, na dozi ya maikrosivati 147 au karibu na hapo. Mzee aliyepungukiwa misuli hushuka pia. Kijana anayebeba mizigo sokoni hupanda. Tofauti hizi za umbo la mwili ni kubwa kuliko tofauti yoyote utakayoipata kwa kubadili chakula, na sasa tumefika kwenye ndizi.

Fikiria mtungi uliojaa hadi mdomoni. Ukimimina kikombe kimoja cha maji, kikombe kimoja kinamwagika. Maji yaliyomo mtungini ni yaleyale kwa kiasi, hata kama baadhi ya matone ni mapya. Mwili unaishika potasiamu namna hiyo. Unakula gramu mbili, tatu au nne kwa siku, na figo zinatoa ziada kwenye mkojo, sehemu kubwa ndani ya saa chache. Hazina budi kufanya hivyo, maana potasiamu ikizidi kwenye damu mapigo ya moyo huvurugika muda mrefu kabla mtu hajafikiria habari za mionzi. Mla ndizi na mla ugali kwa maharage wanapishana kwa kile kinachopita mwilini. Kinachobaki kimepangwa na misuli yao.

Ile hesabu ya ndizi aliyoisoma mwanafunzi wako ilitoka wapi, basi? Ndizi mbivu ya wastani ina takribani gramu 0.4 za potasiamu, sawa na bekereli 13. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, ICRP, ina kigeuzi cha potasiamu-40 iliyomezwa na mtu mzima, 6.2e-9 Sv kwa bekereli. Zidisha, unapata maikrosivati 0.08, ambayo watu huikadiria kuwa 0.1 na kuiita dozi ya ndizi moja. Kuzidisha kumefanyika sawasawa. Kosa liko kwenye kulielewa swali ambalo kigeuzi kile kinajibu.

Kigeuzi hicho kinazifuata atomu zilezile ulizomeza, na kinajua kwamba atomu ya potasiamu ikishaingia hukaa mwilini siku 43 kwa wastani kabla ya kutoka. Hilo ni kweli kwa atomu za ndizi ya leo. Ila kwa kila atomu ya ndizi iliyopata nafasi ndani ya seli, atomu nyingine, ya mlo wa wiki au mwezi uliopita, imetoka, nayo ilikuwa na uwezekano uleule wa kuwa potasiamu-40. Kigeuzi kinahesabu walioingia na hakiwatoi waliotoka. Kwa kitu kama sesiamu-137, ambayo mwili haukuwa nayo na haina kiwango unachokilinda, hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kwa potasiamu ya asili inapotosha.

Tujaribu kuihesabu ndizi kwa haki. Tuseme gramu zake 0.4 ni ziada tupu, na ziada hiyo inakaa nusu siku kabla figo hazijaitoa. Gramu 0.4 kwa kilo 70 ni gramu 0.0057 kwa kilo. Zidisha kwa 88, unapata maikrosivati 0.5 kwa mwaka mzima kama ziada ingebaki hapo mwaka mzima. Nusu siku ni sehemu ndogo sana ya mwaka, kwa hiyo jibu ni kama maikrosivati 0.0007, zaidi ya mara mia moja chini ya ile inayotangazwa. Na hata hiyo ni kwa anayeongeza ndizi siku moja tu. Mtu ambaye mwili wake umeuzoea mlo wake ana mtungi uliojaa vilevile kila siku.

Kwa sababu hiyohiyo hakuna namna ya kuipunguza dozi hii kwa kukwepa vyakula. Mtu akipungukiwa potasiamu ya mwili kiasi cha kubadili dozi yake waziwazi, atakuwa amelegea misuli na yuko hospitalini. Wala majibu ya maabara ya damu hayakuambii kitu kuhusu dozi. Potasiamu ikisomeka juu kwenye damu, hiyo inahusu ile asilimia 2 iliyo nje ya seli. Daktari anaishughulikia haraka kwa ajili ya moyo, lakini bekereli za mwili mzima hazijabadilika kwa kiasi cha maana.

Tahadhari moja kuhusu bekereli, kwa sababu darasani zitaleta ubishi. Mwili wako una pia kaboni-14, na bekereli zake haziko mbali na zile za potasiamu-40. Lakini beta ya kaboni-14 ni dhaifu, MeV 0.05 kwa wastani, na UNSCEAR inaiwekea maikrosivati 12 tu kwa mwaka. Bekereli zinakaribiana, dozi zinapishana mara 14 hivi. Potasiamu-40 ya ndani inabeba takribani asilimia 7 ya dozi ya asili ya wastani duniani, ambayo ni milisivati 2.4. Sehemu kubwa kuliko zote ya hizo 2.4 inatokana na gesi ya radoni na vizalia vyake.

Makadirio haya yanaweza kuthibitishwa kwa mtu aliye hai, bila sindano wala kukata nyama. Kati ya gama 470 hivi ambazo mwili wako unazalisha kila sekunde, zile zinazotoka bila kugonga kitu bado zina MeV 1.46 kamili. Mtu hulazwa au kuketishwa kwenye chumba cha kuta nene za chuma, mbele ya kigunduzi kikubwa cha fuwele ya iodidi ya sodiamu, na baada ya dakika kadhaa kilele hujitokeza mahali hapo kwenye grafu. Ili kugeuza hesabu ya kilele kuwa gramu, anapimwa pia mtu bandia: vyombo vya plastiki vilivyopangwa kwa umbo la mwili na kujazwa maji yenye kloridi ya potasiamu iliyopimwa kwa mizani. Gramu 267 za chumvi hiyo zina gramu 140 za potasiamu, yaani mtu wa kilo 70.

Kipimo hiki huharibika zaidi kwenye hatua inayoonekana nyepesi, ile ya kutoa mionzi ya mandhari. Zege la jengo lina potasiamu-40 yake, inayotoa mwale uleule wa MeV 1.46. Fundi akipima kiti kitupu na kutoa hesabu hiyo, atakuwa ametoa nyingi mno, kwa sababu mtu anapoketi mwili wake unakikinga kigunduzi dhidi ya sehemu ya mionzi ya kuta. Potasiamu itasomeka pungufu, na kadiri mtu alivyo mnene ndivyo upungufu unavyokuwa mkubwa. Dawa yake ni kupima mandhari kwa mtu bandia wa ukubwa unaofanana, aliyejazwa maji matupu. Mtego mwingine ni thoriamu: mmoja wa watoto wake, aktiniamu-228, hutoa mwale wa MeV 1.459, ambao iodidi ya sodiamu haiwezi kuutenganisha na 1.461. Anayeshuku hilo huangalia kama mwale mwingine wa aktiniamu hiyohiyo, wa MeV 0.911, nao umejitokeza kwenye grafu.

Shuleni chumba kama hicho hakipo, lakini unaweza kuonyesha jambo lenyewe kwa mbolea. Ile mbolea ya kloridi ya potasiamu inayouzwa kwa jina la MOP, yenye alama ya asilimia 60 kwenye mfuko, ina karibu nusu ya uzito wake kama potasiamu tupu, yaani bekereli 15,800 kwa kilo. Tumia kipimo cha Geiger chenye dirisha jembamba, maana unachokitafuta ni beta, na ukuta mnene wa mrija utaizuia. Pima kwanza sahani tupu kwa dakika 10 na uandike hesabu. Kisha tandaza mbolea kwenye sahani unene wa milimita 1, pima dakika 10, ongeza hadi milimita 2, halafu 5, halafu 10, ukihakikisha kila mara dirisha liko umbali uleule kutoka uso wa mbolea. Ukiishusha sahani kidogo kila unapoongeza, umbali utabaki sawa. Usipofanya hivyo, mbolea inaukaribia mrija na grafu yako inapanda kwa sababu isiyohusika.

Hesabu itapanda haraka mwanzoni, kisha itakaribia kusimama, kwa kuwa beta za mbolea ya chini zinamalizikia ndani ya mbolea ya juu. Hapo wanafunzi wanaona kwa macho yao kwa nini tuliruhusiwa kusema beta yote inabaki mwilini. Ndizi yenyewe, hata mkungu mzima, usiijaribu ikiwa mbichi. Maji yake yanaitandaza potasiamu mpaka inapotelea kwenye mandhari. Kausha maganda, yachome mpaka yawe majivu meupe, kisha pima majivu kwenye sahani ileile kwa unene uleule wa mbolea. Ukilinganisha hesabu mbili hizo, baada ya kutoa ile ya sahani tupu, unapata makadirio ya potasiamu iliyomo kwenye majivu. Hakikisha yamepoa na ni makavu, maana majivu ya maganda hunyonya unyevu wa hewa, na yakilowa yanazidi uzito na hesabu inashuka.